Gemu Ikijizima Baada ya Simu Kusasishwa, Usikimbilie Kuifuta

Malalamiko haya yanajulikana katika kila nyumba yenye kijana na simu. Jioni simu imeomba ruhusa ya kusasisha mfumo, mwenyewe amekubali, usiku imejizima na kujiwasha, na asubuhi kila kitu kiko sawa isipokuwa gemu. Ukiigusa, nembo inatokea, kioo kinakuwa cheusi kidogo, kisha unarudishwa pale pale ulipoanzia. Mara nyingine unapewa maneno kama "Minecraft keeps stopping". Mara nyingine hupewi hata neno moja.

Hapo ndipo mshauri wa kwanza, awe ni ndugu, rafiki au fundi wa simu kibandani, husema: "Futa, kisha weka tena." Ushauri huo si wa uongo, na mara nyingi gemu hufunguka. Ubaya wake ni kwamba umeanzia mwisho. Kufuta ni hatua ya mwisho kabisa, na kwa baadhi ya gemu ni hatua isiyorudi nyuma. Kijana aliyejenga mji wake ndani ya Minecraft kwa miaka miwili anaweza kuupoteza kwa kubonyeza mara mbili tu, na hakuna neno la siri wala ofisi ya kumrudishia.

Nitatumia Minecraft kama mfano kwa sababu ndiyo inayoonyesha hatari hii waziwazi, lakini mpango ni ule ule kwa gemu yoyote ya simu ya Android. Tuanze na sababu, maana ukiijua sababu utaelewa kwa nini hatua hizi zinafuatana hivi.

Jana ilikuwa nzima, leo imekufa. Kwa nini?

Gemu haichori picha kwenye kioo peke yake. Inauomba mfumo wa simu, na mfumo unaiomba chipu ya picha kupitia programu ndogo iitwayo draiva. Kazi hiyo ni nzito, kwa hiyo gemu inapofunguliwa mara za kwanza huandaa maagizo mengi ya uchoraji yaliyo tayari kwa chipu ile na draiva ile, ikayaweka pembeni. Siku ya pili haina haja ya kuyaandaa upya, inayachukua tu. Pale pembeni ndipo panapoitwa kache.

Mfikirie fundi cherehani aliyekushonea kanzu mwaka jana. Amekupima, akaandika vipimo vyako kwenye kikaratasi, akakihifadhi. Mwaka huu ukimpelekea kitambaa hakupimi tena, anakata kwa kile kikaratasi. Lakini kama mwili wako umebadilika, kanzu itakubana. Kosa si la fundi wala si la kitambaa, ni kile kikaratasi kilichopitwa na wakati.

Sasisho kubwa la mfumo mara nyingi huja na draiva mpya ya picha. Gemu iliyotengenezwa vizuri hugundua mabadiliko hayo, ikatupa maagizo ya zamani na kuandaa mengine. Isipogundua, inampa draiva mpya maagizo ya draiva ya zamani, na kuanguka kunatokea hapo hapo, kwa kawaida muda mfupi baada ya nembo, wakati picha za kwanza zinapotaka kuchorwa.

Sababu ya pili ni tofauti kabisa. Huenda gemu yenyewe ni toleo la zamani, na inaomba kitu ambacho Android mpya haikitoi tena kwa njia ile. Mfano ni Android 11, iliyotoka 2020, ambayo ilibadilisha sheria za programu gani inaruhusiwa kusoma faili gani. Gemu iliyozoea kwenda kuchukua vitu vyake mahali pa wazi ilikuta mlango umefungwa. Kwa ugonjwa huu hata ukisafisha kache mara kumi hutapona. Dawa yake ni toleo jipya la gemu.

Sababu ya tatu ni kitu cha katikati. Ndani ya Android kuna programu iitwayo Android System WebView, ambayo programu nyingine huitumia kuonyesha kurasa za mtandao ndani yake, kama ukurasa wa kuingia kwa akaunti au wa matangazo. Mwezi Machi 2021 toleo moja la WebView lilikuwa na kasoro, na programu nyingi duniani, Gmail ikiwemo, zikawa zinajizima zikifunguliwa. Wenye simu walikuwa wakizilaumu programu hizo, kumbe zilikuwa nzima. Google ilipotoa toleo lililorekebishwa, zote zikarudi.

Na sababu ya nne, ambayo watu huisahau, ni nafasi. Sasisho hula nafasi. Simu iliyokuwa imejaa kiasi inakuwa imejaa kabisa, na gemu inapotaka kuandika faili zake za mwanzo haipati pa kuandika.

Tazama inavyokufa kabla hujagusa kitu

Fungua gemu mara mbili huku ukiangalia. Ikiondoka papo hapo, hata nembo haijatokea, shaka ya kwanza ni toleo la zamani lisilopatana na mfumo mpya. Ikionyesha nembo, ikapakia kidogo, kisha ikaanguka pale pale kila mara, shaka ya kwanza ni kache au draiva. Ikianguka unapofika kwenye ukurasa wa kuingia kwa akaunti, shuku WebView. Na kama leo inaanguka hapa na kesho pale, mara inafunguka mara haifunguki, shuku nafasi, au simu ambayo bado haijamaliza kazi zake za sasisho.

Hizi ni dalili tu, si hukumu, lakini zinakusaidia kujua hatua gani utarajie matunda.

Hatua ya kwanza: iache simu imalize kazi yake

Baada ya sasisho kubwa, mfumo huwa na kazi ya kuzitafsiri upya programu zako zote ziendane nao. Kazi hiyo hufanywa pole pole, hasa simu ikiwa imechomekwa chaja na haitumiki. Ndiyo maana siku ya kwanza simu huwa moto na nzito. Ichomeke chaja, zima kioo, iache saa moja au mbili, au usiku mzima. Kisha izime na kuiwasha, halafu ujaribu gemu.

Wakati huo huo angalia nafasi kwenye Settings, sehemu ya Storage. Ukiona imebaki chini ya GB 2, punguza video na picha za WhatsApp mpaka ifike hapo au zaidi. Usipunguze nafasi kwa kuifuta gemu yenyewe.

Hatua ya pili: sasisha gemu na jirani zake

Nenda Play Store, tafuta gemu yako kwa jina, uone kama kuna kibonyezo cha "Update". Watu wengi wamezima masasisho ya kujiendesha ili kuokoa bando, kwa hiyo mfumo unaweza kuwa wa mwezi huu na gemu ni ya mwaka juzi. Sasisho la gemu huwekwa juu ya ile iliyopo na halifuti ulichocheza. Kisha tafuta Android System WebView, na Chrome pia, uzisasishe zote mbili. Zima simu, iwashe, jaribu.

Kama umeweka ile programu ya kuongeza kasi ya gemu, au ya kubadilisha rangi za kioo usiku, izime kwanza wakati wa majaribio. Hizo hujipachika juu ya gemu, na baada ya mfumo kubadilika huweza kuwa ndizo zinazoiangusha.

Hatua ya tatu: safisha kache, na kache peke yake

Hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo twende taratibu. Fungua Settings, ingia Apps, tafuta jina la gemu, uiguse. Kwanza bonyeza "Force stop" ili isiwe inatembea kwa nyuma. Kisha ingia "Storage", au "Storage & cache" kwa simu nyingine. Ndani utaona vibonyezo viwili vilivyokaa karibu karibu. Kimoja kimeandikwa "Clear cache". Cha pili kimeandikwa "Clear data" au "Clear storage".

Turudi kwa fundi wetu. "Clear cache" ni kutupa kile kikaratasi cha vipimo. Fundi atakupima upya. Utachelewa dakika kadhaa, lakini hujapoteza kitu. "Clear data" ni kukitupa kitambaa chenyewe. Kinachofutwa hapo ni mipangilio, akaunti uliyoingia, na kila ulichokihifadhi ndani ya gemu, pamoja na faili zake zilizoko kwenye folda yake ya Android/data. Vibonyezo vimepakana, lakini athari zake haziko karibu hata kidogo.

Bonyeza "Clear cache" tu. Namba iliyoandikwa mbele ya Cache inatakiwa ishuke hadi sifuri au karibu na sifuri, na ile ya data ibaki kama ilivyokuwa. Ndivyo utakavyojua umebonyeza sawa. Fungua gemu, na uwe na subira: mara ya kwanza itapakia polepole kuliko kawaida kwa sababu inaandaa maagizo mapya. Kioo kikikaa cheusi nusu dakika usiizime. Ikifunguka, kazi imekwisha, na huna haja ya kuendelea.

Kabla ya kuvuka mstari: ulichocheza kimekaa wapi?

Ikiwa bado inaanguka, yaliyobaki ni kufuta. Lakini kabla ya hapo kuna swali moja tu la kujibiwa: maendeleo yako yako ndani ya simu, au yako kwa wenye gemu?

Gemu zinazochezwa kwa mtandao, kama eFootball, Free Fire au Clash of Clans, huweka maendeleo kwenye kompyuta za kampuni. Ukiingia tena na akaunti yako unayakuta. Lakini kuna mtego. Wengi huanza kwa kubonyeza "Guest", yaani mgeni, ili wacheze haraka bila kujiandikisha, na hawarudi kuunganisha na Google, Facebook au barua pepe. Kwa mgeni, kinachomtambulisha kimekaa ndani ya simu ile. Ukifuta, maendeleo huenda bado yako kwa kampuni, lakini hakuna tena wa kuthibitisha kwamba ni yako.

Jaribio zuri ni hili: azima simu ya mtu, weka gemu ile ile, ingia kwa akaunti unayoamini ni yako. Ukiona wachezaji wako, kiwango chako na jina lako, uko salama kufuta kwenye simu yako. Ukiona gemu mpya tupu, simama hapo hapo, usifute.

Minecraft ni aina nyingine. Akaunti ya Microsoft inakumbuka ulivyonunua ndani ya duka lake, na akaunti ya Google inakumbuka kwamba gemu umeilipia, kwa hiyo hutailipia tena ukiiweka upya. Lakini dunia ulizojenga wewe mwenyewe zimekaa ndani ya simu yako, isipokuwa zile za huduma ya kulipia iitwayo Realms. Ukiifuta gemu bila kuzitoa, zimekwenda.

Mfano: dunia tatu na simu iliyojaa

Tuseme kijana wa miaka kumi na tatu, mtaa wowote wa Kisauni, ana simu ya GB 64. Mfumo umesasishwa kutoka Android 13 kwenda 14. Minecraft inaonyesha nembo, inapakia hadi robo ya njia, inajizima. Anamletea jirani anayejua mambo haya.

"Ami, si niifute tu niieke tena?"

"Bado. Hii uliipata wapi?"

"Rafiki yangu alinirushia kwa Bluetooth."

Jibu hilo linabadilisha mambo, tutaona kwa nini. Jirani anaanza mwanzo. Nafasi iliyobaki ni MB 700. Wanapunguza video mpaka GB 3, wanazima simu na kuiwasha. Bado. Wanasafisha kache. Safari hii gemu inapakia hadi mwisho wa njia, kisha inajizima. Kwa hiyo kache ilikuwa sehemu ya tatizo lakini si yote, na inayobaki kushukiwa ni gemu yenyewe kuwa ya zamani.

Wanataka kuisasisha, na hapo ndipo ile Bluetooth inapojitokeza. Kila programu ya Android huwa na saini ya aliyeitengeneza, isiyoonekana kwa macho. Android haikubali toleo jipya kukaa juu ya la zamani kama saini hazifanani. Gemu iliyochezewa na mtu mwingine, kisha ikasambazwa mkono kwa mkono, huwa na saini nyingine. Kwa hiyo ile ya Play Store haiwezi kukaa juu yake. Ni lazima ya zamani iondolewe kwanza, na ikiondolewa inaondoka na dunia zake tatu. Hakuna njia ya mkato hapa. Ni lazima dunia zitolewe kwanza.

Kuzitoa dunia wakati gemu haifunguki

Gemu ikiwa nzima, ungeingia ndani yake ukabonyeza "Export World" ukapata faili moja. Sasa haifunguki, kwa hiyo tunapita mlango wa nyuma. Kama kwenye mipangilio ya Minecraft sehemu ya hifadhi iliwekwa "External", dunia ziko kwenye folda ya Android/data. Tangu Android 11 programu nyingi za kusoma faili kwenye simu haziruhusiwi kuingia humo, na ukiifungua utaiona tupu. Usidhani imefutika. Chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB, chagua "File transfer", na ufuate njia hii:

```
Android/data/com.mojang.minecraftpe/files/games/com.mojang/minecraftWorlds
```

Kama hata kwenye kompyuta inaonekana tupu, kuna chombo cha bure cha Google kiitwacho adb, ambacho mafundi wengi wanacho. Kwanza kwenye simu ingia Settings, About phone, ugonge "Build number" mara saba, kisha kwenye Developer options uwashe "USB debugging". Halafu kwenye kompyuta andika kwa mstari mmoja:

```
adb pull /sdcard/Android/data/com.mojang.minecraftpe/files/games/com.mojang/minecraftWorlds
```

Kijana wetu anapata folda tatu zenye majina yasiyosomeka, herufi zilizochanganyika tu. Ndani ya kila moja kuna faili levelname.txt, ukiifungua inakwambia jina la dunia ile. Kuna pia level.dat na folda iitwayo db. Hakikisha vyote vitatu vipo, na db isiwe tupu, maana humo ndimo yalimo majengo yenyewe. Nakili folda zote mara mbili, moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye flashi.

Mpaka wa njia hii uujue. Kama hifadhi iliwekwa "Application" badala ya "External", dunia ziko chumba cha ndani ambacho waya wala adb ya kawaida haifiki. Kwa simu hiyo usifute kabisa. Kama gemu yako ni ya Play Store, subiri toleo jipya litakalokaa juu yake bila kufuta. Huenda likachukua siku au wiki, lakini hutapoteza kitu. Kama ilitoka mkononi na imewekwa "Application", ukweli ni kwamba huenda dunia zile huzipati tena, na ni bora ulijue hilo kabla ya kufuta kuliko baadaye.

Hatua ya nne: kuondoa na kuweka upya

Baada ya nakala kuwa salama, hakuna haja ya kupitia "Clear data" kwanza. Kuondoa gemu kunafanya kazi hiyo na zaidi, kwa sababu kunaleta na faili mpya za gemu yenyewe. Shikilia alama ya gemu, chagua "Uninstall". Kwa baadhi ya gemu utaulizwa kama ungependa kubakiza data. Hapa usibakize, maana huenda ndani ya data hiyo ndimo ulimo ugonjwa, na nakala unayo. Zima simu, iwashe, kisha iweke gemu kutoka Play Store.

Ifungue mara moja kabla hujarudisha chochote. Hili ni jambo watu hulipita. Ikifunguka ikiwa tupu, umejua gemu mpya na mfumo mpya vinapatana. Ukirudisha dunia kisha ikaanguka, utajua aliyeharibika ni dunia, si gemu. Ukirudisha vyote kwa pamoja, hutajua wa kumlaumu.

Kurudisha ni rahisi. Kwenye kompyuta fungua folda ya dunia moja, chagua vyote vilivyomo ndani, uvikandamize viwe faili ya zip, kisha ubadilishe mwisho wa jina lake kutoka .zip kuwa .mcworld. Chunga ukandamize vilivyomo, si folda yenyewe, level.dat inatakiwa ionekane mara tu zip inapofunguliwa. Peleka faili hiyo kwenye simu, iguse, uchague kuifungua na Minecraft. Rudisha dunia moja, ijaribu, kisha ya pili, kisha ya tatu.

Dunia ya zamani hufunguka kwenye toleo jipya. Kinyume chake hapana: dunia ikishafunguliwa na toleo jipya, usitarajie ifunguke tena kwenye la zamani. Ndiyo sababu ile nakala ya kwanza usiifute hata baada ya mambo kutengemaa.

Mtego wa gemu za kale

Kuna gemu ambazo hupaswi kuziondoa hata kidogo. Android 14 inakataa kuweka programu zilizoandikwa kwa kulenga mifumo iliyotangulia Android 6, na Android 15 imepandisha kiwango hicho hadi Android 7. Programu ya namna hiyo iliyokuwamo ndani ya simu kabla ya sasisho huachwa ibaki. Lakini ukiiondoa, Android haitakuruhusu kuirudisha kwa njia ya kawaida. Kadhalika gemu iliyokwisha kuondolewa Play Store: nakala uliyonayo ndiyo ya mwisho. Kabla ya kubonyeza "Uninstall" kwa gemu ya miaka mingi, itafute kwanza Play Store. Usipoiona, au ukiona haitangamani na simu yako, ishia kwenye kache.

Na ikianguka hata baada ya yote haya?

Gemu mpya, kutoka Play Store, tupu, kwenye simu yenye nafasi, na bado inaanguka: basi tatizo haliko kwenye vitu vyako. Liko kati ya watengenezaji wa gemu na watengenezaji wa simu. Mwenye adb anaweza kulithibitisha. Fungua gemu ianguke, kisha papo hapo andika:

```
adb logcat -b crash -d
```

Yatamwagika maandishi mengi. Angalia mistari ya mwisho iliyotaja faili zenye majina yanayoishia na .so. Ukiona ya juu kabisa ni libminecraftpe.so, gemu imeanguka ndani yake yenyewe. Ukiona jina lenye mali au adreno, hizo ni draiva za chipu ya picha, na rekebisho huenda likaja kwa sasisho la simu badala ya la gemu. Nakili mistari hiyo uipeleke kwa wenye gemu kupitia sehemu yao ya msaada. Itawafaa zaidi kuliko kuandika tu kwamba gemu haifanyi kazi.

Fundi akikushauri kuirudisha simu kwenye mfumo wa zamani, muulize kwanza kitakachobaki. Kwa kawaida kazi hiyo hufuta simu nzima, picha na namba pamoja, na kuna simu ambazo haziruhusu kabisa kurudi nyuma. Kusafisha simu yote kwa "Factory reset" nako hakuna maana hapa: kama gemu mpya tupu haikufunguka, simu mpya tupu yenye mfumo ule ule haitaifungua pia. Kinachobaki ni kuwasha masasisho ya Play Store kwa gemu hiyo moja, na kuliangalia kila toleo jipya linapoingia.

Na kwa yule ambaye gemu yake bado inafunguka leo, kazi yake ni ya dakika tano tu kabla ya kukubali sasisho lijalo. Aingie ndani ya gemu aunganishe akaunti kama alikuwa mgeni. Kama ni Minecraft, abonyeze "Export World" kwa kila dunia na azitoe faili hizo nje ya simu. Baada ya hapo, hata ikilazimika gemu kufutwa, kitambaa chake kitakuwa mkononi mwake.